Pasi iliyokula rangi ya nywele zangu

Siku mbili kabla ya Idi nilipaka nywele rangi ya kahawia iliyokoza, ile ya kuchanganya maji mawili ya dukani. Usiku wa kuamkia Idi binti yangu alinipiga pasi. Nywele zilikuwa na unyevu bado, na alama ya pasi ilisimama kwenye nyuzi 230. Nilisikia mlio kama wa kikaango, nikadhani ndiyo kazi ya pasi. Wiki ya pili nilipovua mtandio mbele ya mume wangu, aliniuliza kwa upole kama nimebadilisha rangi. Nywele zilikuwa na wekundu wa kutu, tena hazing'ai.

Nikamwendea wifi yangu, mwenye saluni ya wanawake watupu hapa Kisesa. Aliupitisha unywele mmoja kati ya vidole, kutoka ncha kwenda shina, akasema, "Wifi, magamba yamesimama."

Alinieleza kwamba unywele umefunikwa kwa magamba madogo sana, yaliyolaliana kama vigae vya paa. Yakilala vizuri, mwanga hurudi kwa pamoja, nasi huona mng'ao. Yakiinuka na kuvunjika, mwanga hutawanyika. Rangi ya dukani huyafungua magamba hayo ili iingie ndani, na dawa yake hupausha weusi wa asili, hivyo nywele zangu zilikuwa dhaifu hata kabla ya pasi. Joto kali lilizipasua zaidi na kuiharibu rangi yenyewe. Kila nilipoosha, iliyobaki ikatoka na maji. Wekundu niliouona ni ule uliokuwa chini ya weusi uliopauka.

Ule mlio nao ulikuwa maji yakigeuka mvuke ndani ya unywele na kuutoboa kutoka ndani. Ndiyo maana pasi haiwekwi mpaka nywele zikauke kabisa. Hukaushwa kwanza kwa kubonyeza taulo, bila kusugua, kisha kwa draya ya joto la wastani, ikiwa umbali wa shubiri moja na isiyotulia mahali pamoja. Kwa nywele zilizopakwa rangi, wifi huanzia nyuzi 150, na nywele nene hazipitishi 180. Huchukua fungu jembamba na kupitisha mara moja, mbili zikizidi. Dawa ya kukinga joto hupunguza madhara, lakini haiyazuii yote.

Pasi yetu ya pili nyumbani haina namba. Kwa hiyo alinionyesha kubana karatasi nyeupe ya shashi kati ya mabamba: ikigeuka hudhurungi, joto limepita kiasi.

Nilimuuliza kuhusu mafuta ya nazi. Akacheka. Hulaza magamba na kung'arisha kwa siku moja au mbili, rangi iliyotoka hairudi. Alinikata ncha, na zilizobaki nasubiri zikue, kama sentimita moja kwa mwezi. Binti yangu sasa haishiki pasi kabla hajatafuta karatasi.