Faili uliyotupa huenda bado ipo

Ukibonyeza Empty Recycle Bin, usidhani Windows imezichoma faili zako. Diski huwa na daftari lake linaloonyesha kila faili imewekwa wapi. Kinachofanyika ni kwamba faili hutiwa alama daftarini kuwa imefutwa, na nafasi yake kuhesabiwa kuwa wazi. Picha au maandishi yenyewe hubaki pale pale, hadi faili nyingine iandikwe juu yake.

Mwaka jana dada yangu alifuta hivyo picha 40 za mazishi ya mama yetu. Nilimwambia azime kompyuta papo hapo, kwani hata kufungua intaneti huandika vitu kwenye diski. Fundi aliichomoa diski hiyo, akaiunganisha na kompyuta yake, akaisoma bila kuiandika chochote. Picha 37 zilirudi nzima. Tatu zilifunguka nusu, sehemu ya chini ikiwa kijivu tupu. Mahali pale palikuwa pamekwisha kaliwa na faili mpya.

Bahati yetu, ile ilikuwa diski ya zamani, yenye sahani inayozunguka. Diski za SSD ni tofauti. Faili inapofutwa, Windows huiarifu diski kuwa nafasi ile haihitajiki tena, nayo huisafisha yenyewe, mara nyingi baada ya muda mfupi. Hapo fundi hana la kuokota.

Kwa hivyo fungua Task Manager leo, kabla hujapotewa na kitu, uone kama diski yako ni HDD au SSD. Ikiwa ni SSD, weka nakala kwingine.