Hesabu za Diwani Yangu

Hesabu sikuipenda kidato cha kwanza, na hata kufika cha nne nilikuwa bado siipendi. Nilichotaka ni kuchapisha diwani yangu mwenyewe. Basi kila mada niliipima kwa swali moja: diwani inaihitaji?

Asilimia inaihitaji, tena sana. Tuseme nakala 200 zinachapwa kwa shilingi 1,500,000. Kila moja inanigharimu 7,500. Nikiuza 10,000 naona faida. Lakini muuza vitabu akichukua asilimia 30 yake, nabaki na 7,000, yaani kila nakala inayouzwa inanila 500. Sasa niuze bei gani nisipate hasara? Hapo x ikapata kazi: 0.7x = 7,500, na x inatoka kama 10,714. Nikipanga bei iwe 11,000, faida ni 200 tu kwa nakala. Maswali ya aina hii nilikuwa najitungia usiku bila kusukumwa na mtu.

Mada nyingine zilikataa. Pembe za duara hazina nafasi kwenye diwani, tusidanganyane. Huko nilijilipa: maswali matatu, shairi moja. Nilihesabu maswali, si dakika, maana dakika 30 unaweza kuzimaliza ukichora maua pembeni mwa daftari. Swali nililolikosa halikuhesabiwa mpaka nilirudie bila kuchungulia majibu. Na zawadi ilikuwa shairi kwa sababu shairi linaisha lenyewe. Riwaya ya Kezilahabi ukiifungua usome kurasa mbili, usiku huo kwenye duara hurudi.