Kutoka Stendi ya Magufuli hadi Muhimbili: Tulinganishe Kabla ya Kuita Gari

Sisi wa Bonde la Kilombero tunapompeleka mgonjwa Muhimbili, basi la kutoka Ifakara hutushusha Mbezi Luis, katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichozinduliwa mwaka 2021. Hapo hubaki kilomita zipatazo 20 kufika hospitalini. Kwetu nauli ya bodaboda hupatanwa kwa mdomo. Dar es Salaam husomwa kwenye simu. Na kwa kuwa fedha tuliyobeba ni mchango wa waumini, nayo ni amana, hatuiti gari kabla ya kulinganisha.

Bei inayooneshwa na Bolt ni ya gari zima, ilhali nauli ya daladala na mwendokasi ni ya kila kichwa. Tulipomsindikiza mama mmoja na mwanawe, tulikuwa watatu. Tukadirie gari kwa shilingi 24,000: kila mmoja huangukiwa na 8,000. Njia ya pili ni daladala hadi Kimara, tuseme 600. Mwendokasi hadi kituo cha Fire, 750. Kisha bajaji moja ya 3,000. Kwa watu watatu jumla ni 7,050.

Hata hivyo, tofauti hiyo haikutosha kuamua. Bei ya programu hukadiriwa kwa umbali na kwa dakika, na hupanda wateja wanapozidi magari. Katika Barabara ya Morogoro, foleni ya asubuhi huelekea mjini, na ya jioni hutoka mjini kwenda Mbezi. Mwendokasi, kuanzia Kimara, una njia yake yenyewe. Sisi tulifika alasiri, tukielekea mjini wakati wengi wanatoka, na mama hakuweza kusimama ndani ya basi lililojaa. Tukamchukulia gari. Jioni, tuliobaki na afya zetu tulirudi Mbezi kwa mwendokasi, tukiyapita magari madogo yaliyosimama.

Kuna mambo mawili ya kuangaliwa pale stendi. Kwanza, alama ya mahali pa kuchukuliwa huweza kuangukia upande wa pili wa barabara pana, nayo haivukiki kwa urahisi ukiwa na mgonjwa na mizigo. Isogezeni hadi kwenye lango mlilosimama, kisha mlinganishe namba ya gari na ile iliyo kwenye simu. Pili, dereva akipiga simu na kuwasihi mfute safari ili mlipane nje ya programu, msikubali. Safari iliyofutwa haina kumbukumbu ya bei wala ya njia, na mkipoteza bahasha ya vyeti vya hospitali garini, hamtakuwa na pa kuanzia kuitafuta.

Katika inDrive, abiria ndiye hutaja bei kwanza. Basi ndugu zetu, someni kwanza bei ya Bolt ya saa ileile, ndipo mtaje yenu.