Figo la Kituo cha 17

Rumeti wangu alipata sapu ya anatomia mwaka wa kwanza kwa alama mbili. Alipata 48, na pasi ni 50. Alama tatu kati ya zile alizopoteza nilizipoteza mimi kwa niaba yake, usiku wa kuamkia mtihani, nikiwa nimekaa kitandani na kikombe cha chai na kujiamini kwingi.

Ndugu zangu wa sheria na uhasibu mnisamehe, leo itabidi niwaingize maabara. Mtihani wa vitendo wa anatomia sisi tunauita spoti. Meza zimepangwa, kila meza ni kituo, na kwenye kila kituo kuna kiungo au picha yenye pini au mshale. Unasimama hapo dakika mbili, kengele inalia, unahamia kinachofuata, ujibu usijibu. Sisi tulikuwa na vituo 25 vya alama nne nne.

Usiku ule tulikuwa kwenye diskasheni watu wanne, desa limetandazwa sakafuni. Tulifika kwenye picha za CT, zile zinazoonyesha mwili kama mkate uliokatwa slesi. Rumeti akaweka kidole kwenye figo moja akauliza, "Hivi hapa tukisema kulia, ni kulia kwangu mimi ninayetazama au kulia kwa mgonjwa?"

Nikamjibu, "Unavyoiona wewe, kaka. Si wewe ndiye unayetazama? Iko kulia kwako, ni la kulia."

Akasita. Nikamkumbusha kipande cha tumbo tulichokisoma maabara muhula mzima: ini si lilikuwa upande wetu wa kulia? Na ini si liko kulia kwa mtu? Basi. Wote wakakubali, na mmoja akaandika kabisa pembeni ya desa.

Niwe mkweli, sikuwa nabahatisha. Nilikuwa na ushahidi, na ndiyo maana kosa lilinikaa vizuri namna ile. Maabara yetu ina sinia lenye slesi halisi ya tumbo, iliyokatwa kwa kukingama usawa wa figo. Mzee wa maabara aliiweka vilevile kila siku: upande wa juu wa slesi ukitazama dari, uti wa mgongo ukielekea kwetu tuliosimama. Maana yake tulikuwa tunamtazama yule marehemu kama mtu aliyesimama nyuma yake na kuchungulia ndani kutoka kichwani kwenda miguuni. Ukisimama nyuma ya mtu, kulia kwake na kulia kwako ni kumoja. Kwa hiyo kwenye sinia lile kanuni yangu ilikuwa sahihi kila mara, kwa wiki kumi na tatu.

Picha ya CT haitazamwi hivyo. Kwa makubaliano yanayofuatwa hospitalini duniani kote, slesi ya CT inatazamwa kutoka miguuni. Mgonjwa amelala chali, wewe umesimama kwenye nyayo zake na unaangalia kuelekea kichwani. Uti wa mgongo uko chini ya picha, kitovu kiko juu, sawa kabisa na sinia letu. Ila sasa mnatazamana, na mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Tumbo lilelile, figo zilezile, lakini kila kitu kimegeuka kama kwenye kioo. Mimi nilichukua kanuni ya mtu aliyesimama kichwani nikaipeleka kwa mtu aliyesimama miguuni.

Kituo cha 17 kilikuwa picha ya CT. Mshale ulikuwa kwenye figo lililokuwa upande wa kulia wa picha. Maswali, kwa tafsiri yangu: taja kiungo hiki na upande wake, taja mahali inapomwaga damu vena ya korodani ya upande huo, taja kiungo kimoja kinachogusana nalo kwa mbele.

Niliandika: figo, la kulia. Vena ya korodani inamwaga moja kwa moja kwenye vena kava ya chini. Kinachogusana nalo ni ini. Nikabaki na sekunde kama arobaini za kupumzika, na nakumbuka nilimtupia jicho rumeti, aliyekuwa vituo viwili nyuma yangu.

Jibu lilikuwa figo la kushoto. Ukikosa upande hapo hukosi alama moja, unaanguka na ngazi nzima, kwa sababu ndani ya tumbo kushoto na kulia si pacha. Vena kava, bomba kubwa linalorudisha damu kwenye moyo, limekaa kulia kwa uti wa mgongo. Vena ya korodani ya kulia iko karibu nalo, inaingia moja kwa moja. Ya kushoto iko mbali, kwa hiyo inapanda na kumwaga kwenye vena ya figo la kushoto, ndipo damu ivuke mbele ya aota kwenda kwenye vena kava. Hii si chenga ya mtihani tu. Mwanaume mtu mzima akivimba ghafla mishipa ya korodani ya kushoto, na uvimbe haunywei hata akilala, daktari makini humpima na figo la kushoto, maana huenda kuna kinachoziba njia huko juu. Aliyejibu kama mimi hawezi hata kuanza kuwaza hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni jibu la tatu. Niliandika ini, wakati kwenye picha ini lilikuwa ng'ambo ya pili, kubwa, limejaza karibu nusu ya tumbo. Kilichokuwa karibu na figo lile kilikuwa bandama. Macho yalikuwa yanaona bandama, mkono unaandika ini.

Matokeo yalipobandikwa tukaenda wawili ofisini kwa mwalimu wetu kulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji, naye rumeti amesimama nyuma yangu kimya.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Kituo gani?"

Nikasema 17, tena nikaeleza habari za sinia kwa hoja zilizopangika. Hakubishana. Alitoa picha ileile kwenye droo akaiweka mezani, akaniuliza, "Hii ni nini hapa pembeni?" Ukingoni, upande wa kushoto wa picha, kulikuwa na herufi ndogo nyeupe: R. Nilikuwa nimeiona siku ya mtihani. Nilidhani ni alama ya mashine.

"Hiyo ni kulia kwa mgonjwa," akasema. "Anza nayo hiyo kabla hujatafuta figo." Kisha akaifunika kwa kidole. "Haya, sasa haipo. Utajuaje?"

Hapo rumeti ndiye aliyejibu, taratibu. Akasema angeangalia kwanza uti wa mgongo uko wapi, ajue picha haijapinduliwa juu chini. Halafu angetafuta ini, kisha ile mishipa miwili mikubwa mbele ya uti wa mgongo: aota, ya mviringo zaidi, kushoto, na vena kava kulia, upande mmoja na ini. Vikikubaliana, upande umejulikana, ndipo ulitazame figo, kwa sababu figo lenyewe halina uso wa kukuambia ni la upande gani. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akaongeza kwamba hata hilo lina mwisho wake. Wapo watu wachache sana waliozaliwa na viungo vya ndani vyote vimegeuzwa, ini kushoto na moyo kulia. Kwa mtu kama huyo ini litakudanganya. Ni ile herufi tu, na mgonjwa mwenyewe, ndivyo vitakavyosema kweli.

Halafu akatusimulia kisa. Januari 2000, katika hospitali moja huko Wales, mzee wa miaka 70 aliingizwa chumba cha upasuaji kuondolewa figo la kulia lililokuwa bovu. Karatasi ya kumlaza ilikuwa imeandikwa kushoto. Mahakamani ilielezwa pia kwamba eksirei zilibandikwa zikiwa zimegeuzwa, nyuma mbele. Wakaondoa la kushoto, lililokuwa zima. Mzee alifariki wiki chache baadaye. Madaktari wawili walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 2002 wakaachiwa. Ndani ya chumba kile alikuwepo mwanafunzi wa udaktari aliyesema kwamba anadhani figo linaloondolewa silo. Akaambiwa amekosea.

Mwalimu alisimulia bila kutukazia macho. Mimi nilikuwa nafikiria diskasheni yetu: rumeti na kidole chake juu ya picha, anauliza swali sahihi kabisa, nami namwambia "unavyoiona wewe, kaka".

Alama hazikubadilika, na hazikupaswa kubadilika. Mimi nilikuwa na 57, nikaenda likizo. Yeye alibaki hosteli kusubiri sapu, nauli ya kurudi kwao akaigeuza hela ya kula. Nilimtumia elfu ishirini mara mbili. Hakuwahi kunilaumu, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa baya zaidi.

Aliyempa dawa ya kudumu ni mzee wa maabara. Rumeti alikuwa anaenda kule kila asubuhi kujisomea, na siku moja mzee akamkuta ameduwaa mbele ya sinia, anageuza shingo huku na huku. Akamuuliza shida nini, akaelezwa. Mzee akacheka. "Mkono wa kulia si ni ule wa kulia chakula? Basi muulize anayekula. Wewe hapa huli, unatazama tu." Kisha akachukua slesi akaipindua juu chini, ili ilingane na CT, na tangu siku hiyo akawa anaibadilisha badilisha kila asubuhi. Walioingia mwaka uliofuata wanalalamika kwamba mzee anawachanganya makusudi.

Wasomaji mtaniambia neno kulia lina maana nyingine pia, na kwamba nayo ilitufaa mwaka ule. Nakubali.

Sapu ilifanyika Septemba. Nilimsubiri nje ya maabara na soda mbili. Alitoka anatembea polepole, akakaa, akafungua soda yake. Nikamuuliza kama CT ilikuwepo. Akasema ilikuwepo, kituo cha 9, figo tena, na ile herufi walikuwa wameiziba kwa plasta.

"Ukaandika la upande gani?"

Akanywa kwanza. "Sikuambii," akasema. "Utakwenda kuwaambia wengine."

Alipata 61.