Mistari Mitatu ya Mfano

Tumeona vema mwezi huu kuandika habari za kazi moja ndogo iwapatayo wale wanaoandika makala juu ya lugha zetu. Kazi yenyewe ni hii: namna ya kuweka mfano wa lugha moja mbele ya mtu asiyeijua lugha ile, hata aweze kuusoma pasipo taabu. Maana makala ya lugha hujengwa juu ya mifano. Msomaji akishindwa kuona lililomo ndani ya mfano, hapana budi ama kumwamini mwandishi kwa neno lake tu, ama kuifunga makala na kuiweka kando. Wala hatudhani kwamba mwandishi apenda mojawapo ya hayo mawili.

Sisi walimu wachache tuna desturi ya kusomeana maandiko kabla hayajapelekwa kupigwa chapa. Basi mwenzetu mmoja kijana, ambaye lugha ya mama yake ni Kiganda, alituletea makala aliyoiandika kwa Kiswahili. Neno alilotaka kulionyesha ni zuri. Katika Kiganda majina mengi hutanguliwa na irabu moja: husemwa *omwana*, yaani mtoto, na *ekitabo*, yaani kitabu. Lakini jina likifuata kitendo kilichokanushwa, irabu ile ya mwanzo huondoka, likabaki *kitabo* tu. Hoja yake yote, basi, ilisimama juu ya herufi moja, kuwapo kwake na kutokuwapo kwake.

Na mifano yake ilikuwaje? Aliandika sentensi ya Kiganda, na chini yake akaandika maana ya kila neno, na chini tena akaandika tafsiri. Lakini maneno ya mstari wa pili yalikuwa ni yale yale ya mstari wa tatu: *mtoto hakununua kitabu*, kisha tena, *mtoto hakununua kitabu*. Mmoja wetu asiyejua Kiganda hata kidogo akamwambia, “Mwanangu, umenipa chakula kile kile katika sahani mbili. Hiyo irabu unayoisema iko wapi?” Kijana akajibu kwa adabu, “Mzee, imo katika mstari wa kwanza.” Naam, ilikuwamo, lakini aliyeijua ni yeye mwenye lugha, si yule aliyeandikiwa.

Hapa ndipo ifaapo kueleza kazi ya kila mstari, kwa kuwa kila mmoja una kazi yake, wala hakuna uwezao kuifanya kazi ya mwenziwe. Mstari wa kwanza huonyesha lugha yenyewe, maneno yakiwa yamekatwa vipande kwa vistari vifupi. Mstari wa pili hueleza kila kipande kina maana gani au kazi gani. Mstari wa tatu ni tafsiri ya sentensi nzima, kwa Kiswahili safi kama watu wasemavyo. Mstari wa pili hauna haja ya kuwa Kiswahili safi. Na ukiwa safi mno, yafaa kuutilia shaka, maana huenda umekwisha kugeuka tafsiri.

Tukaketi na kijana yule, tukauandika upya mfano wake wa kwanza, na ule wa pili ulio wa kukanusha, hivi:

```
(1)  O-mw-ana    y-a-gul-a          e-ki-tabo.
     AW-1-mtoto  1-PT.MB-nunua-TM   AW-7-kitabu
     ‘Mtoto alinunua kitabu.’

(2)  O-mw-ana    te-y-a-gul-a          ki-tabo.
     AW-1-mtoto  KN-1-PT.MB-nunua-TM   7-kitabu
     ‘Mtoto hakununua kitabu.’
```

Vifupisho vyake ni vitano tu, navyo vyapasa kuorodheshwa mahali pamoja, kabla ya mfano wa kwanza. AW ni irabu ya awali, KN ni ukanushi, PT ni wakati uliopita, MB ni wa mbali, na TM ni irabu tamati, yaani ile ya mwisho wa kitendo. Tarakimu 1 na 7 ni hesabu za ngeli, kwa ile namna ya kuhesabu iliyoanzwa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19, kisha ikaendelezwa na Carl Meinhof. Vifupisho vimeandikwa kwa herufi kubwa, na maneno yenye maana ya kawaida, kama *nunua*, kwa herufi ndogo. Kwa hiyo msomaji hutambua kwa kutupa jicho tu, hiki ni chombo cha sarufi, na hiki ni neno.

Sasa na atazame mtu asiyejua Kiganda. Katika mfano wa (1) neno la mwisho lina AW. Katika mfano wa (2) halina. Ameiona hoja kwa macho yake mwenyewe. Tafsiri isingeweza kumwonyesha jambo hili kamwe, kwa sababu Kiswahili hakina irabu ile, na katika sentensi zote mbili husema *kitabu*.

Iko sheria moja iliyo mama ya nyingine zote: hesabu ya vistari iwe sawa juu na chini. Neno *te-y-a-gul-a* lina vistari vinne, na *KN-1-PT.MB-nunua-TM* lina vinne pia. Vikipungua chini, kuna kipande kilichoachwa bila maelezo. Vikizidi, mwandishi ameeleza kitu asichokikata juu. Kuhesabu huku hakuhitaji elimu kubwa, hata mtoto wa darasa la tatu aweza kumsaidia babaye. Nasi tuliyapata makosa mengi katika makala ile kwa kuhesabu tu, kabla ya kufikiri neno lo lote la sarufi.

Huenda msomaji akauliza, “Mbona katika PT.MB mmetia nukta, wala si kistari?” Ni kwa sababu kipande cha Kiganda ni kimoja tu, ile *-a-* ya katikati, lakini kukieleza kwahitaji maneno mawili: wakati uliopita, tena wa mbali. Kiganda hupambanua tendo lililopita karibuni na lililopita zamani kidogo, na *yagula* ni la zamani. Nukta basi husema, “Haya ni maelezo mawili ya kitu kimoja.” Tungaliweka kistari, msomaji angalikitafuta juu kipande cha pili, asikione. Tena angalieni kwamba tafsiri yetu yasema *alinunua* tu, isibague karibu na mbali. Haikukosea, ndivyo Kiswahili kisemavyo. Lililopotea katika mstari wa tatu limehifadhiwa katika mstari wa pili.

Sheria hizi hatukuzitunga sisi. Mwaka 1982 Christian Lehmann alitoa maelekezo ya kazi hii, na baadaye wataalamu wa mji wa Leipzig katika Ujerumani, akina Bernard Comrie, Martin Haspelmath na Balthasar Bickel, wakazikusanya sheria 10 ambazo leo hufuatwa na waandishi wengi wa sayansi ya lugha. Vifupisho vyao ni vya Kiingereza; lakini aandikaye kwa Kiswahili aweza kutumia vyake, mradi avieleze na asivibadili katikati ya safari.

Swali la pili ambalo kijana yule alituuliza lilikuwa gumu zaidi: je, neno likatwe mpaka wapi? Katika mfano mwingine alikuwa na *omusomesa*, yaani mwalimu, naye alikuwa amelikata *o-mu-som-es-a*. Amekata sawasawa, maana *som* ni kusoma, na *es* ni kufanya mtu asome. Lakini makala yake haikuwa juu ya jambo hilo. Tukamshauri aandike *o-mu-somesa*, na chini yake *AW-1-mwalimu*, basi. Kukata kuwe kwa kadiri ya hoja. Vipande visivyohusika humchosha msomaji, akavipita mbio, na pamoja navyo akakipita kile kimoja ulichotaka akione. Lakini aliyechagua kutolikata neno moja hivi, asilikate vingine katika ukurasa ufuatao.

Iko pia mipaka ya mistari hii. Katika *yagula* alama ya ngeli ya 1 imekuwa *y-*, ingawa mahali pengine, kama katika *agula*, yaani ananunua, huwa *a-*. Tuliiandika kama isikiwavyo, na kijana akaongeza sentensi moja ya kueleza chini ya mfano. Kuongeza mstari wa nne wenye maumbo ya asili hufaa tu pale makala ionyeshapo jinsi sauti zinavyogeuka. Vivyo hivyo Kiganda kina toni, na maandishi ya kila siku hayazionyeshi. Makala juu ya toni ingebidi kuzitia alama, lakini hii haikuhitaji.

Limebaki neno la mkono, si la akili. Kila neno la juu na maelezo yake lazima yaanzie mahali pamoja, moja chini ya jingine. Kijana alikuwa ameyapanga kwa kubonyeza nafasi nyingi, na kwenye mashine yake yalipendeza. Yalipofika kwetu katika herufi za namna nyingine, kila kitu kilikuwa kimesogea, na *nunua* limekaa chini ya *ekitabo*. Dawa yake ni kitufe cha `Tab`, au jedwali ambalo mistari yake imefichwa, kila neno na chumba chake. Na sentensi ikiwa ndefu kuliko ukurasa, ikatwe kwa pamoja: kipande cha kwanza na maelezo yake, kisha kipande cha pili na maelezo yake, ndipo tafsiri mara moja mwishoni. Ukiuacha kila mstari ujikunje wenyewe, msomaji atapotea kama mgeni gizani.

Mwisho tulimpa kijana jaribio moja, nalo twalipendekeza kwa kila mwandishi. Afunike tafsiri kwa kipande cha karatasi, ampe mfano mtu asiyeijua lugha, amwulize, “Sentensi hii yasema nini, na imetofautianaje na ile ya juu?” Alimpa mwenzetu yule yule aliyelalamika juu ya sahani mbili. Mzee akasoma polepole, kidole chake kikishuka kutoka neno hadi neno, akasema, “Mtoto huyu hakununua kitabu, zamani kidogo. Na kitabu chake kimekosa ile AW.” Kijana akaufunua mstari wa tatu, wakausoma pamoja, kisha wakaenda mfano wa (3).