Jina la juisi lina sentimita sita tu

Ukitaka kujua kwa nini juisi nyingi dukani zina majina mafupi, chukua chupa moja na futi ya fundi cherehani. Izungushie futi hiyo. Chupa ya plastiki ya mililita 300 tuliyoipima sisi ilikuwa na mzunguko wa sentimita 19 na nusu. Ukiisimamisha mbele yako, nusu ya mzunguko huo iko upande wa nyuma. Hata nusu ya mbele huioni yote vizuri, kwa sababu pembeni karatasi inakunja na herufi zinabanana. Sehemu inayosomeka bila kuigeuza chupa ni kama theluthi moja, yaani sentimita sita na nusu. Ukiacha nafasi kidogo kila upande, unabaki na sita.

Hesabu hiyo tuliifanya Kamachumu, wilayani Muleba, nyumbani kwa shangazi yangu. Yeye na wenzake wanatengeneza kinywaji cha nanasi, na aliniita kutoka Bukoba kwa sababu, kwa maneno yake, "wewe ndiye unayejua kuandika". Jina walikuwa nalo tayari: Matunda Bora ya Kamachumu. Ni jina zuri, linataja kwao na linawapa fahari. Swali lilikuwa moja, litakaa wapi?

Herufi kubwa iliyokolea, pamoja na pengo lake, huchukua upana wa takriban asilimia 70 ya kimo chake. Matunda Bora ya Kamachumu, ukihesabu na nafasi kati ya maneno, ni vituo 25. Ukiyapanga kwa mstari mmoja ndani ya sentimita sita, kila herufi inapata kimo cha milimita tatu na kidogo, karibu sawa na maandishi ya gazeti. Ukiyakata mistari miwili, "Matunda Bora" juu na "ya Kamachumu" chini, herufi zinafika milimita saba. Lakini jina la herufi nne linapata kimo cha milimita 21, mara tatu ya hapo.

Tuliandika majina hayo kwenye karatasi, tukayabandika kwenye chupa na kwenda nazo duka la jirani. Maduka yetu mengi unayajua: mteja anasimama nje ya kaunta, bidhaa ziko kwenye rafu ya nyuma, hatua tatu au nne kutoka alipo. Kutoka hapo jina refu la mstari mmoja lilikuwa mstari mweusi tu. La mistari miwili lilisomeka kwa kukodoa macho. La herufi nne tulilisoma sote, hata bibi mmoja aliyesahau miwani yake.

Muuza duka alituongezea jambo ambalo futi haikutuonyesha. Dukani kwake juisi haichukuliwi kwa mkono, inaombwa kwa mdomo. Mtoto anatumwa na shilingi zake, anasimama kaunta na kusema jina. Likimshinda, atanyoosha kidole na kusema "ile ya njano", na za njano ziko nyingi. Angalia Azam Embe: maneno mawili, kila moja herufi nne. La kwanza linasema ya nani, la pili linasema ya nini. Mtoto wa chekechea analitamka.

Mama mmoja akapendekeza Afya. Herufi nne, linatamkika, lina maana njema. Mimi nilikuwa na pingamizi mbili. Kwanza, Kenya kuna juisi inayoitwa Afia, ya kampuni ya Kevian. Masikioni majina hayo mawili ni kitu kimoja, na jina linalochanganywa na la mwingine ni ugomvi unaosubiri siku yake. Ndiyo maana kabla ya kuchapa lebo hata moja unakwenda BRELA kuuliza kama jina limeshasajiliwa katika daraja la 32, daraja la vinywaji kama juisi. Pili, ninaandika habari za afya. Kinywaji chenye sukari ya kuongezwa hakistahili kubeba neno hilo usoni. Mwingine alitaja Damu Tele, kwa ajili ya juisi ya rozela wanayofikiria kuanza. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu linaahidi tiba, na kanuni za kimataifa za chakula haziruhusu lebo kudai kwamba chakula kinatibu maradhi. Ahadi hiyo haihalalishwi kwa kugeuzwa kuwa jina.

Mwishowe shangazi mwenyewe akasema, huku akicheka, "Basi tuiite Bojo." Kwa Kihaya ni neno la kumbembeleza mtu, na mtoto wa Kagera analijua kabla hajajua kuhesabu. Wenzake waliuliza: mtu wa Mwanza ataelewa nini? Nikawajibu kwamba jina kubwa halina kazi ya kueleza. Kazi yake ni kuonekana, kutamkika na kukumbukwa. Kazi ya kueleza ni ya mstari ulio chini yake, na hapo ndipo mzazi anapotakiwa kutulia.

Mstari huo ni jina halisi la chakula. Kanuni za Codex, zinazoongoza viwango vya chakula duniani, zinataka jina hilo na ujazo viwe mahali pa wazi, vionekane kwa mtazamo mmoja. Pia neno "juisi" lina mipaka yake. Wanakikundi hawa walikuwa wanachanganya lita 10 za maji ya nanasi, lita 12 za maji na kilo mbili za sukari. Sukari ikishayeyuka, jumla ni kama lita 23, na nanasi ni asilimia 43. Hiyo si juisi, ni nekta, kwa sababu ina maji na sukari ya kuongeza. Nekta ya nanasi inatakiwa iwe na tunda asilimia 40 au zaidi. Kulikuwa na wazo la kuongeza maji hadi lita 20 ili bei ishuke. Hapo nanasi lingeshuka hadi asilimia 32, na lebo isingeweza kusema hata nekta. Ingebidi iseme kinywaji cha nanasi.

"Nekta?" shangazi aliuliza. "Si ndio wale wanaotoa matokeo ya darasa la saba?" Tulicheka sana, lakini neno likabaki, na kipimo cha maji kikabaki lita 12.

Lebo tuliyoichora inagawa mzunguko mara tatu. Theluthi ya mbele ina BOJO, chini yake Nekta ya Nanasi kwa herufi za milimita tano, kisha mililita 300. Theluthi ya pili inarudia hayo hayo, kwa kuwa muuza duka hana muda wa kugeuza kila chupa ikuangalie. Ya tatu ina viambato, anwani, namba ya toleo na tarehe za kutengenezwa na kuisha muda. Kamachumu imepata nafasi yake hapo, kwenye anwani. Jina sasa linasubiri majibu ya BRELA.

Kama jina refu lingeshinda, kitu cha kwanza kubanwa kingekuwa ule mstari wa katikati, kwa sababu hakuna anayepunguza jina lake mwenyewe. Kwa hiyo, mzazi, unapomnunulia mtoto, ukishalisoma jina kubwa shusha macho mstari mmoja. Kama umeandikwa juisi, nekta au kinywaji, hilo ndilo neno linalokuambia unalipia tunda kiasi gani na maji kiasi gani. Na kama unalitafuta mpaka unaigeuza chupa, ujue nafasi yake ilichukuliwa na kitu kingine.