Namba za Rangi ya Machungwa

Mama aliniita jikoni kabla sijaituma ile picha. "Ndoo kwanza. Ikate hiyo tarehe. Usiwapelekee watu vile ilivyo."

Picha yenyewe ni ya kawaida. Mama amekaa barazani, nyumba ya Kibokoni, mlango wa nakshi nyuma yake umefunguliwa nusu. Dada yangu yuko mapajani, amekunja uso kwa jua. Chini, kona ya kulia, namba za rangi ya machungwa: '87 1 3. Ile alama ndogo juu ya 87 ndiyo inayoonyesha kuwa huo ni mwaka. Kwa hiyo tarehe 3 Januari 1987.

Shida ni kwamba Mama aliolewa 1989.

Kama hukulelewa Mji wa Kale utasema, kwani nini? Ni namba tu. Lakini grupu la familia lina watu wa Mombasa, wa Lamu na wa Maskati, na wengine wana vidole vya kuhesabia kuliko vya kulia chakula. Mtoto wa miaka miwili mapajani, miaka miwili kabla ya harusi. Marehemu Baba hayupo tena kumjibu mtu. Mama hakunieleza haya yote. Alisema "ikate" mara mbili, akarudi kwenye viazi vyake.

Nilidhani ni kazi ya dakika moja. Picha ina pambizo jeupe pande zote, la kama milimita 4, na kichwani mwangu tarehe ilikuwa kwenye hilo pambizo. Haikuwa. Namba zimo ndani ya picha yenyewe. Kamera za wakati ule zilizokuwa na saa zilikuwa na vitaa vidogo kwenye mfuniko wa nyuma, nyuma ya filamu. Ukibonyeza kupiga, vile vitaa vinawaka na kuichoma tarehe kwenye filamu, pamoja na sura yako. Ndiyo maana hata ukisafisha picha mara kumi kutoka kwa negativu ileile, namba zitatoka mara kumi.

Kwa hiyo kuondoa pambizo hakutoshi. Nilihesabu: milimita 4 za pambizo, kama 3 za nafasi kutoka ukingoni, 3 za namba zenyewe na utosi wake. Jumla sentimita 1. Nilikuwa nimeskani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa hiyo sentimita 1 ni kama pikseli 236. Nikavuta mstari wa chini juu kwa kiasi hicho, nikapunguza na pande nyingine kidogo ili umbo lisiharibike, nikabonyeza kuhifadhi. Juu ya faili lilelile. Nakala nyingine sikuweka.

Picha ikatoka safi. Miguu ya Mama ilikatika kwenye vifundo, baraza ikawa kama inaelea, lakini tarehe haipo.

Kisha nikaona kitu cha ajabu. Simu iliipanga picha hiyo mbele ya zote, kati ya picha ya pikipiki na ya biriani ya Ijumaa. Faili la skana hubeba siku uliyoskani, si siku watu walipokaa barazani. Nilikuwa nimefuta mwaka mmoja wa uongo, ukabaki uongo mwingine: kwamba Mama alikuwa kijana mwezi huu.

Hapo ndipo nikaanza kujiuliza mwaka wa kweli ni upi.

Nikarudi kwenye bahasha ya studio iliyokuwa na picha za filamu ileile. Ya kwanza kabisa imeandikwa '87 1 1. Mbili zinazofuata pia '87 1 1. Hapo nikacheka peke yangu. Kamera hizi zilikuwa zikibadilishwa betri, kalenda yake inarudi mwanzo, na usipokaa ukaipanga upya, inaanza kuhesabu kutoka hapo. Yetu ilirudi tarehe 1 Januari 1987. Kwa hiyo '87 1 3 haimaanishi mwaka 1987. Inamaanisha kwamba kuna mtu alitia betri mpya, na siku ya tatu akampiga mkewe picha. Huyo mtu ni Baba, ambaye hata saa ya ukutani ilimshinda kuipanga.

Sawa, lakini hiyo inaonyesha tu kwamba tarehe si ya kuaminika. Haisemi ni lini. Nilitaka kitu ndani ya picha yenyewe.

Niliitoa picha ya karatasi nikaiskani tena. Bahati ilikuwa bado ipo albamuni. Safari hii nikaikuza ile kona niliyoitupa. Ukutani, chini, kando ya baraza, kulikuwa na karatasi nyeupe iliyobandikwa, na namba za machungwa zimekaa juu yake sawasawa. Herufi nyeusi zilionekana vipande vipande. Nikafanya jambo moja rahisi: nikaitazama picha kwa rangi nyekundu pekee. Machungwa ikitazamwa hivyo hung'aa karibu sawa na karatasi nyeupe, kwa hiyo namba zikafifia na weusi ukabaki. Pale namba zilipoichoma filamu juu ya herufi, hakuna kinachorudi. Lakini katikati ya namba nilisoma, kubwa kubwa: F, O, halafu nusu ya R.

FORD.

Januari 1987 karatasi hiyo haingekuwepo ukutani. Kenya ilikuwa na chama kimoja kwa sheria tangu 1982. FORD ilianzishwa Agosti 1991, kifungu cha 2A kikafutwa Desemba mwaka huo, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika tarehe 29 Desemba 1992. Karatasi inaweza kukaa ukutani hata baada ya uchaguzi, kwa hiyo inatupa mwanzo tu, haitupi mwisho. Mwisho tunaupata mapajani: dada alizaliwa Novemba 1990, na pale ana miaka miwili au karibu. Na mimi, niliyezaliwa 1994, sipo. 1992 au 1993, basi.

Yaani ushahidi wa Mama ulikuwa kwenye sentimita ileile niliyoikata ili kumsitiri.

Nilimwonyesha usiku. Aliitazama kona muda mrefu, akakumbuka. "Hao vijana walikuja na ndoo ya gundi. Babako aligombana nao, ukuta ulikuwa umepakwa chokaa juzi tu." Nikamwambia basi tutume nzima, na kona nimeikuza, kila mtu asome.

"Nitume nani? Ya nini nijitetee na mimi sijashtakiwa?" Akanirudishia simu. "Tuma iliyokatwa."

Nikatuma iliyokatwa. Nzima nimeihifadhi kama ilivyo, pambizo, namba na yote, na jina la faili nimeandika 1992-93, Kibokoni. Haikupita nusu saa, shangazi wa Maskati akaandika: "Mashallah! Hii mwaka gani?"

Mama akachukua simu yake, akabonyeza kurekodi sauti, akaanza na wale vijana na ndoo ya gundi.